Shemeji, hisa 60,000 na ujumbe wa mwenyekiti: uchambuzi wa kisa

Kampuni na watu wa kisa hiki nimewatunga. Sheria, taasisi na hesabu zinavyofanywa ni vya kweli. Nimekiunda hivi kwa sababu wakurugenzi ninaokutana nao Kisumu na Nakuru huogopa kosa moja tu, lile la mkurugenzi kuuza hisa zake usiku kabla ya habari mbaya kutoka. Kosa hilo hata mtoto anaweza kuliona. Wengi huponzwa na neno moja lililosemwa kwa mtu wa nyumbani, au na nia njema ya kuisaidia bei isimame.

Kampuni yetu inatengeneza magunia na katoni. Kiwanda kiko Nakuru, hisa zake zinauzwa katika Soko la Hisa la Nairobi, na wateja wake wakubwa ni viwanda vya sukari vya magharibi. Ikumbukwe hali ya mwaka 2023, serikali iliposimamisha usagaji wa miwa kwa miezi kadhaa ili miwa ipate kukomaa. Tuchukue hali ya namna hiyo: viwanda vimefungwa, na kiwanda kilichofungwa hakinunui magunia.

Halmashauri ya wakurugenzi inakutana Nakuru siku ya Alhamisi. Mkuu wa fedha anaweka mezani makadirio ya mwaka. Mwaka uliopita kampuni ilipata faida ya KSh milioni 212. Mwaka huu inaelekea milioni 128. Hilo ni anguko la karibu asilimia 40. Kanuni za kampuni zilizoorodheshwa zinataka kampuni itangaze mapema inapoona faida itashuka kwa asilimia 25 au zaidi ikilinganishwa na mwaka uliotangulia. Hapa mpaka huo ni milioni 159, nao umeshavukwa mbali. Wakurugenzi wanakubaliana kwamba tangazo litoke, lakini wanataka wakaguzi wapitie tarakimu kwanza. Tangazo linatoka siku 12 baadaye.

Siku hizo 12 ndizo zilizozaa kisa chote, na kwa maoni yangu halmashauri ilikosea hata kabla ya mtu yeyote kuuza hisa. Watu wanane waliokuwa chumbani, katibu wa kampuni, wahasibu wawili na mkaguzi walikuwa wakibeba habari ambayo soko halina. Kila siku inayoongezwa ni siku nyingine ya mmoja wao kuulizwa kitu na mkewe, jirani au dereva. Kama tarakimu kamili haziko tayari, kampuni inaweza kutangaza kwamba faida itashuka kwa zaidi ya asilimia 25, kisha ikaeleza zaidi hesabu zikikamilika. Tangazo halihitaji shilingi ya mwisho.

Mmoja wa wakurugenzi ni mzee wa Kisumu, mwalimu mkuu mstaafu. Yeye si mwajiriwa wa kampuni. Huja mikutanoni, hulipwa posho ya kikao, hurudi nyumbani. Ana hisa zake chache na hakuuza hata moja. Jioni ya Alhamisi hiyo, akinywa chai Kericho njiani kurudi, anapigiwa simu na shemeji yake, mume wa dada yake, aliyeko Kakamega. Wanaulizana habari za watoto, kisha shemeji anasema anafikiria kuanza nyumba mwakani na bado anazo zile hisa alizonunua zamani. Mwalimu anajibu: “Shem, za huko kwetu usizikalie sana.” Kisha wanazungumzia mvua.

Ijumaa asubuhi shemeji anampigia dalali wake wa hisa na kuuza hisa zote 60,000. Zinatoka kwa wastani wa KSh 18.40, yaani KSh 1,104,000 kabla ya ada. Soko linakamilisha malipo siku ya tatu ya kazi baada ya mauzo, kwa hiyo Jumatano fedha ziko benki. Tangazo linapotoka bei inaanza kuteremka, na ndani ya wiki moja imefika 13.10.

Mwalimu alipoelezwa baadaye kwamba anachunguzwa, alishikilia mambo matatu. Hakupata senti. Hakutaja tarakimu yoyote. Na habari yenyewe haikuwa siri, maana Kenya nzima ilijua viwanda vya sukari vimefungwa. Naamini alisema kwa dhati. Kila hoja inastahili kujibiwa kwa uzito wake.

Kwanza, hoja ya kutopata senti. Sheria ya Masoko ya Mitaji, Sura ya 485A, kwenye sehemu ya 32B, inakataza mambo matatu yaliyo mbalimbali. Mtu wa ndani asinunue wala kuuza hisa zinazoguswa na habari aliyonayo. Asimhimize mwingine kununua au kuuza. Asimpe mwingine habari hiyo isipokuwa kwa ajili ya kutimiza kazi yake ipasavyo. Katika la pili na la tatu, hakuna mahali panapotaka aliyesema awe amefaidika. Faida ya shemeji inatosha kufanya kosa lionekane, na kosa la mwalimu lilikamilika pale Kericho, kabla chai haijapoa.

Hoja ya pili, ya kutotaja tarakimu, ndiyo inayowapotosha watu wengi. Mtu hudhani kosa ni kutoboa siri, kwamba asipotamka “asilimia 40” atakuwa salama. Lakini kuhimiza ni kosa linalosimama peke yake. Unaweza kumhimiza mtu auze bila kumwambia sababu yoyote, na anayekuheshimu ataelewa. Maneno “usizikalie sana” kutoka kwa jirani ni porojo za soko la Kibuye. Kutoka kwa mtu aliyeondoka kwenye kikao cha halmashauri saa tatu zilizopita ni maelekezo. Shemeji mwenyewe alilichukulia hivyo, ndiyo maana aliuza zote kwa mkupuo mmoja asubuhi ya kesho yake.

Hoja ya tatu ina ukweli ndani yake, na hapo ndipo kesi za namna hii hushindwa au hushinda. Kufungwa kwa viwanda kulikuwa habari ya kila gazeti. Mtu aliyekaa Mumias akaona mabomba ya moshi yamekufa, akajiuliza nani huviuzia viwanda hivyo magunia, akauza hisa zake, hajakosa kitu. Hata vibarua wa Nakuru walioona mashine mbili kati ya tano zimezimwa wanaweza kusema waliona tu kilichoonekana langoni. Sheria haikatazi akili wala bidii. Habari inayoweza kupatikana na yeyote anayechunguza vizuri inahesabiwa kuwa ya umma ingawa wengi hawakuichunguza. Lakini hicho sicho alichokuwa nacho mwalimu. Alijua kwamba pengo halikuzibwa na wateja wengine. Alijua kwamba faida imeanguka kwa asilimia 40, wala si 10 au 15, na kwamba tangazo linakuja. Bei ya 18.40 ilikuwa tayari imebeba habari ya viwanda kufungwa. Ilianguka hadi 13.10 kwa sababu ya zile tarakimu za mezani. Shilingi 5.30 za tofauti hiyo ndizo kipimo cha kile ambacho soko lilikuwa halikijui, na swali la kujiuliza kila mara ni hilo: je, habari hii ikitoka bei itasogea?

Je, walijulikanaje? Jina la shemeji halifanani na la mwalimu, naye si mkurugenzi popote. Kilichoanza kuonekana ni wingi. Hisa za kampuni hii huuzwa kidogo sana. Siku ya kawaida ni 4,000 au 5,000. Ijumaa ile zikauzwa zaidi ya 60,000, siku chache tu kabla ya tangazo baya. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, hufuatilia miendo ya aina hii, na inapoiona huomba mambo mawili. Kwa CDSC, inakotunzwa akaunti ya kila mwenye hisa, huomba majina ya waliouza. Kwa kampuni huomba orodha ya waliojua habari hiyo na siku waliyoijua. Kisha orodha mbili huwekwa pamoja.

Hapa orodha hazikukutana kwa majina. Zilikutana kwenye fomu ya mteja kwa dalali, ambapo shemeji alikuwa ameandika jina la mkewe kama mtu wa karibu, na jina la ubini la mkewe lilikuwa lilelile la mwalimu. Kuanzia hapo kazi ilikuwa nyepesi. Kumbukumbu za simu zilionyesha mazungumzo ya dakika sita Alhamisi jioni. Agizo la kuuza liliingia kwa dalali Ijumaa saa tatu na nusu asubuhi. Halafu kuna jambo dogo linalonisikitisha: mwezi uliofuata shemeji alimtumia mwalimu KSh 40,000 kwa M-Pesa, mchango wa mazishi ya mama mzazi wa mwalimu. Ulikuwa mchango wa kweli, na daftari la kamati ya mazishi lilithibitisha. Lakini ulilazimika kuelezwa mbele ya wageni, katika mwezi wa majonzi.

Shemeji naye alijitetea kwamba angeuza tu, kwa sababu ya nyumba. Utetezi huu si wa kubeza. Kama angekuwa amemwandikia dalali Jumatatu, kabla ya kikao, kwamba auze zote kwa bei isiyopungua 18, agizo hilo lingekuwa ushahidi mzuri kuliko maneno yoyote. Alichokuwa nacho ni kinyume chake. Wiki mbili kabla, dalali alimpigia kumwambia kuna mnunuzi wa 18.90, akakataa, akasema anangoja 20. Mtu anayekataa 18.90 halafu anakimbilia 18.40 bila jambo lolote kubadilika hadharani anatakiwa aeleze kilichobadilika. Nyumba haikuwa na ramani wala fundi. Tena sheria haimtazami mkurugenzi peke yake kama mtu wa ndani: aliyepokea habari kutoka kwake naye huhesabiwa.

Hesabu ya adhabu inaanza na hasara iliyoepukwa. Hisa 60,000 mara KSh 5.30 ni KSh 318,000. Mtu binafsi akitiwa hatiani mara ya kwanza anaweza kutozwa faini isiyozidi KSh milioni 2.5 au kifungo kisichozidi miaka miwili, na juu yake alipe mara mbili ya kilichopatikana au hasara iliyokwepwa, ambayo hapa ni KSh 636,000. Akirudia kosa, faini inapanda hadi milioni 5 na kifungo hadi miaka saba.

Lakini njia ya mahakama ya jinai si rahisi kwa mwendesha mashtaka, maana lazima athibitishe bila shaka yoyote ya maana kile kilichosemwa katika simu ambayo hakuna aliyeirekodi. Njia inayotumika zaidi ni ya CMA yenyewe: barua ya kumtaka mhusika ajieleze, kusikilizwa, kisha uamuzi wa kumtoza faini, kumrudishisha faida, na kumzuia kuwa mkurugenzi wa kampuni iliyoorodheshwa kwa muda. Hapo kinachopimwa ni upande upi una uzito zaidi, na mfululizo wa kikao, simu na agizo unatosha kuulemea upande mmoja. Asiyeridhika hukata rufaa katika Baraza la Rufaa la Masoko ya Mitaji. Akaunti nayo inaweza kuzuiwa mapema, kabla mtu hajapatikana na kosa. Ilitokea mwaka 2018 kampuni ya Kifaransa ya Rubis Énergie ilipotangaza kuinunua KenolKobil kwa KSh 23 kwa hisa: CMA ilizuia akaunti zilizokuwa zimenunua hisa hizo kabla ya tangazo. Kule habari ilikuwa njema na watu walinunua. Hapa ni mbaya na mtu aliuza. Kosa ni lilelile.

Kuna mtu wa tatu asiyetajwa sana. Kati ya zile hisa 60,000, hisa 20,000 zilinunuliwa na chama cha akina mama wa Kisumu waliokuwa wakiweka akiba kidogo kidogo. Walilipa 18.40 kwa kitu ambacho muuzaji alijua thamani yake inaenda kushuka. KSh 106,000 zao kati ya zile 318,000 ndizo zilizohamia Kakamega. Watu husema kosa hili halina mwathirika kwa sababu mnunuzi na muuzaji hawaonani. Kila hisa iliyouzwa ina aliyeinunua, na jina lake liko CDSC.

Mwalimu angejibu nini basi? Njia ambayo nimeona ikifanya kazi ni kuwa na jibu moja la mwaka mzima. “Shem, tangu niingie kule sizungumzii hisa za kampuni, ziwe zinapanda au zinashuka.” Lazima lisemwe hata mambo yanapokuwa mazuri. Mkurugenzi anayechangamka wakati wa neema na kunyamaza wakati wa shida ametoa habari kwa ukimya wake, na shemeji mwerevu atausoma.

Kisa hakikuishia hapo. Siku ya pili baada ya tangazo, bei ikiwa 14 na ushei, mwenyekiti aliandika kwenye kundi la WhatsApp la wakurugenzi: “Wenzangu, tuonyeshe imani. Kila mmoja anunue hisa 2,000 kila siku wiki hii, asiweke chini ya 14.50, watu waache kuogopa.” Wanne walikubali, mwalimu akiwa mmojawapo, na mwenyekiti akawa wa tano. Kwa siku tatu bei ilisimama.

Nilipomweleza rafiki mmoja kisa hiki alishangaa kwamba hili ni kosa zito. Walitumia fedha zao, wakanunua bei inaposhuka, na wakapata hasara. Habari mbaya ilikuwa imeshatangazwa. Wamemdhulumu nani?

Uangalie ujumbe wenyewe. Hausemi hisa ni rahisi. Hausemi nunua kama unaamini. Unaweka bei ya chini, unagawa kiasi kwa siku, na unataja shabaha: watu waache kuogopa. Sheria inakataza kufanya mauzo au manunuzi zaidi ya moja yenye kupandisha, kushusha au kushikilia bei kwa nia ya kuwavuta wengine wanunue, wauze au wasiuze. Neno kushikilia ndilo wasilolijua wengi. Hudhani kuchezea soko ni kupandisha bei tu. Wakurugenzi watano kwa hisa 2,000 ni hisa 10,000 kwa siku, katika soko ambalo siku ya kawaida ni 5,000. Mtu aliyeangalia skrini aliona wanunuzi wengi kwenye 14.50 akadhani soko limeamua thamani ni hiyo. Hakukuwa na soko pale, kulikuwa na kundi la WhatsApp. Wiki ilipoisha na ununuzi ukakoma, bei ikateremka hadi 13.10 kwa siku mbili, na walioshawishika kubaki au kununua kwa 14.50 wakaachwa hapo.

Nia ndiyo ngumu kuithibitisha katika makosa ya kuchezea bei, kwa sababu kununua hisa ni jambo halali na sababu iko moyoni. Mara nyingi mchunguzi hulazimika kuisoma kwenye mwenendo: mtu anayenunua juu ya bei iliyopo wakati angeweza kupata kwa bei ya chini, au hisa zinazotoka kwa mume kwenda kwa mke huku mwenyewe wa kweli akiwa yuleyule. Hapa mwenyekiti aliiandika nia kwa mkono wake.

Na hata bila ujumbe ule, walikuwa ndani ya kipindi ambacho sera ya kampuni yao inawafungia wakurugenzi kununua na kuuza, tangu hesabu zinapofungwa hadi matokeo yanapotangazwa. Tangazo la faida kushuka halifungui kipindi hicho. Wakurugenzi bado walijua mambo ambayo tangazo halikuyasema: deni linaloiva, na mteja mmoja aliyekuwa akijadili kuondoka.

Mkurugenzi anayeamini kampuni yake anayo njia. Angoje matokeo kamili yatoke, amwandikie katibu wa kampuni kuomba kibali, katibu aangalie kama kuna habari yoyote isiyotangazwa, ajibu kwa maandishi yenye tarehe ya mwisho, kisha mkurugenzi anunue kwa bei iliyopo na ununuzi wake uandikwe. Huchukua siku chache na karatasi mbili.

Wakurugenzi wawili walinyamaza na hawakununua, mwingine, mhandisi wa Nakuru, alijibu ndani ya kundi lilelile dakika tisa baada ya mwenyekiti: “Mwenyekiti, kwa heshima, mimi sitanunua hadi matokeo yatoke na katibu anipe kibali. Naomba na wengine tusifanye hivi.” Hakuna aliyemjibu. Wachunguzi walipoomba mawasiliano ya kundi, ujumbe wake ulikuwa chini kabisa ya ule wa mwenyekiti, kwenye ukurasa uleule.